Kofia sita za kufikiri: zinaongeza mawazo kweli, au ni maigizo ya semina?

KatibuWaMwaloni

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaoanika na kuuza dagaa, huku Mwanza. Kila masika hali ni ileile. Tunanunua ndoo alfajiri mitumbwi ikirudi, tunaanika, saa nne mvua inashuka. Dagaa wanalowa, kesho yake wanaanza kunuka, na mwisho wanachukuliwa na watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Hivi karibuni tulipata semina. Mwezeshaji alikuja na kofia za karatasi za rangi sita, akasema tutazitumia kutafuta ufumbuzi. Akazigawa, kila mtu yake. Bibi mmoja ambaye anawajua dagaa kuliko sisi wote akapewa nyeusi, akaambiwa kazi yako ni kupinga. Basi akapinga, tena alipinga sawasawa. Kijana anayetutengenezea chanja akapewa ya kijani, eti yeye ndiye mtu wa mawazo mapya. Alitoa mawili matatu, yakazimwa hapohapo, akanyamaza mpaka chai. Aliyevaa njano alikuwa anasema "wazo zuri" kwa kila kitu. Tukatoka na azimio la kununua turubai kubwa, wazo ambalo tulikuwa nalo kabla ya semina.

Swali langu: hii njia inapanua mawazo kweli? Na mtu anatenganishaje mawazo ya ajabu na ukosoaji, ikiwa vyote viko meza moja na watu ni walewale?

KakaWaKona

Katibu, jibu ni fupi. Futeni kofia nyeusi. Wabongo tunajua kupinga bila hata kuvalishwa kofia. Mkitaka mawazo mengi, marufuku kukosoa, kila mtu amwage alichonacho kichwani, mwisho mnachagua. Mimi kazini tunafanya hivyo na yanatoka mengi.

FundiMwandamizi

Kwa uzoefu wangu wa saiti, nyeupe ni ya injinia, njano ni kibarua, bluu mara nyingi fundi umeme au wa mitambo, kijani ni mtu wa usalama. Nyeusi sijawahi kuiona saiti yoyote. Huyo mwezeshaji wenu alisomea wapi?

KatibuWaMwaloni

Fundi, hizo ni za kuzuia tofali lisikuangukie. Hizi zetu ni za kufikiria tu, karatasi.

FundiMwandamizi

Aa, sawa. Basi nakaa pembeni nasoma.

BangoKitita

Dada Katibu, pole. Mlichofanyiwa ni kinyume cha njia yenyewe. Naendesha vikao vya vyama vya ushirika, nimeshaiona hali hiyo sana, na wengi wanaoiona mara ya kwanza hivyo hawarudii tena.

Aliyeibuni ni Edward de Bono, daktari mzaliwa wa Malta, akaiandikia kitabu mwaka 1985. Msingi wake ni kwamba watu wote wanavaa kofia moja kwa wakati mmoja. Ikiwa ni kijani, basi ni kijani kwa mwenyekiti, kwa bibi, kwa fundi chanja na kwa wewe katibu. Baada ya dakika kadhaa wote mnaivua, mnavaa nyingine pamoja. Hakuna mtu ambaye ni kofia nyeusi. Ukimpa mtu rangi yake akae nayo kikao kizima, umempa cheo, na mtu hulinda cheo chake.

Sasa angalia ulichopoteza. Huyo bibi anajua dagaa wanaharibikia wapi, saa ngapi, kwa harufu gani. Mtu wa namna hiyo akilazimishwa kukaa kwenye kijani dakika kumi, bila ruhusa ya kupinga, ndipo yanatoka mawazo ambayo kijana wa chanja hawezi kuyapata hata mwaka mzima. Na kijana naye akikaa kwenye nyeusi, atakwambia ni kiungo gani cha chanja kitaoza kwanza. Upana unatokana na hapo: kila kichwa kinapita pande zote.

Kaka wa Kona yuko sahihi nusu. Ni kweli wakati wa kijani ukosoaji unafungwa. Lakini kuifuta nyeusi kabisa ni hatari kwa watu wanaonunua ndoo kwa fedha yao. De Bono mwenyewe aliithamini sana nyeusi. Kinachodhibitiwa ni saa yake ya kuingia.

KakaWaKona

Sawa dada, nimekusoma. Ila nusu nyingine naibakiza mfukoni.

OmenaBusia

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Sisi huku twawaita omena lakini shida ya mvua ni moja. Chama chetu kilijaribu hizi kofia, na wote tulivaa rangi moja kama dada anavyosema. Bado tulikwama kwa kijani. Hakuna aliyepinga waziwazi, ila kila wazo likitolewa mtu anauliza swali. "Na hizo pesa zitatoka wapi?" "Na mvua ikinyesha usiku?" Mwenyekiti akisema huyu anauliza tu, si kupinga. Baada ya maswali matatu hivi hakuna aliyetaka kusema tena.

BangoKitita

OmenaBusia umegusa penyewe. Hiyo ni nyeusi iliyojificha, na ndiyo inayoua vikao vingi kuliko upinzani wa wazi. Dawa yake ni ya mikono. Bandika karatasi ya pili ukutani, andika juu yake "Ya nyeusi". Mtu akiuliza pesa zitatoka wapi, anayeongoza hasemi umekosea, anaandika swali lile pale na kusema tutalifikia saa fulani. Na mlifikie kweli. Mtu akiona hofu yake imeandikwa na imepewa saa, anaiachia. Ukimnyamazisha bila kuiandika, ataibeba kikao kizima na hutapata hata wazo moja kutoka kwake.

Mwenye kazi hiyo ni yule anayeshika kofia ya bluu, yaani anayeongoza mwendo wa kikao. Asiwe mwenyekiti wenu. Mwenyekiti akiwa kiongozi wa kofia na huku ana wazo lake moyoni, mtashangaa jinsi wazo hilo linavyoshinda.

Katibu, kabla hatujaenda mbali, nijibu mawili. Swali mliloliandika juu ya bango siku ile lilikuwa lipi hasa? Na mnajua nini kwa hakika kuhusu dagaa wa mvua, kitu ambacho hata mgomvi wenu hawezi kubisha?

KatibuWaMwaloni

Swali lilikuwa "Tutawaanikaje dagaa wakati wa masika?"

Tunachojua kwa hakika: jua likiwaka vizuri, mchana mmoja kwenye chanja unatosha. Kwenye mchanga wanachelewa na wanabeba kokoto, bei inashuka. Mvua ikiwapiga na kesho yake hakuna jua, hao si wa kuliwa na watu tena. Mitumbwi inavua usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali inapumzika, kwa hiyo siku zetu za hasara tunaweza kuzijua mapema kidogo: ni zile za giza ndani ya masika. Na jambo moja ambalo kila mtu analijua ila hatukulisema siku ile: wakati huohuo wa masika dagaa wakavu sokoni wanapanda bei, kwa sababu wote tunaharibikiwa pamoja.

BangoKitita

Umeona? Hilo la mwisho lilikosekana kwa sababu kofia nyeupe haikupewa nafasi yake. Nyeupe ni ya taarifa tu, bila maoni. Mnaivaa kwanza, na mara nyingi inalibadilisha swali lenyewe.

Swali lenu lilikuwa limeshachagua jibu. Ukiuliza tutawaanikaje, kila wazo litakuwa la kuanika: turubai kubwa, turubai zito, turubai la kukopa. Hapo mtahesabu mawazo kumi na mawili na kujipongeza, kumbe ni wazo moja limevaa nguo kumi na mbili. Kipimo changu cha upana ni hiki: nachukua safari ya kitu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nauliza ni sehemu ngapi za safari zimeguswa. Kwenu safari ni mtumbwi, ununuzi, kuanika, kuhifadhi, kuuza. Turubai linagusa sehemu moja tu.

Mimi ningeandika: "Tufanye nini ili giza la masika lisitutie hasara?" Halafu mwendo ungekuwa hivi. Bluu kwa ufupi, kukubaliana swali na muda. Nyeupe, dakika moja hivi kwa kila mtu. Kijani, ndefu kuliko zote. Kisha njano, ya kutafuta faida, kisha nyeusi, kisha kijani tena fupi kwa ajili ya kurekebisha yale ambayo nyeusi imeyatoboa. Nyekundu, ya hisia bila sababu, sekunde chache kwa mtu. Bluu ya kufunga. Si amri, mpangilio unabadilika kufuatana na shida, ila kwa jambo jipya njano naiweka kabla ya nyeusi kila mara. Watu wakishazama kwenye hatari, kuwarudisha watafute faida ni kazi kubwa, na wazo la ajabu linakuwa limekufa kabla mtu hajalitazama vizuri.

MsomaMengi

Naomba nitie mchanga kidogo kwenye pishi hili. Hii habari ya "usikosoe, mawazo yatakuja" ilianza na Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, na kanuni zake alizieneza kwa kitabu cha mwaka 1953. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakaipima mwaka 1958. Walichukua vikundi vya watu wanne wanaokaa pamoja, wakavilinganisha na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha orodha zao zikaunganishwa na yaliyojirudia kuondolewa. Waliofikiri peke yao walitoa mawazo karibu mara mbili. Baadaye, 1987, watafiti Diehl na Stroebe wakaonyesha kwamba sababu kubwa ni foleni: mmoja akisema wengine wanasubiri, na wakisubiri wanasahau au wanaacha kufikiri.

Kuna zaidi. Charlan Nemeth na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2004, uliofanyika Marekani na Ufaransa. Vikundi vilivyoambiwa vibishane na kukosoana havikutoa mawazo machache kuliko vile vilivyokatazwa kukosoa. Vilitoa mengi zaidi kidogo. Kwa hiyo msingi mzima wa kutenga kijani na nyeusi unatikisika. Na kofia zenyewe, ukiondoa ushuhuda wa wauza semina, ushahidi wa kupimwa ni mwembamba.

KakaWaKona

Hapo sasa! Kumbe hata na mimi nimekosa, kuruhusu kubishana ndiyo bora.

BangoKitita

Kaka, usiruke upande wa pili haraka hivyo.

Msoma Mengi, ya Yale nayakubali yote, na ndiyo maana kijani changu hakianzi kwa mdomo. Dakika nne au tano za mwanzo ni kimya, kila mtu na vikaratasi vyake, wazo moja karatasi moja. Asiyeandika anamnong'oneza jirani anayeandika. Baada ya hapo ndipo tunazunguka, kila mtu anasoma moja moja, tunabandika. Kwa namna hiyo foleni imekufa, na mwenyekiti hapati nafasi ya kusema wa kwanza.

Ya Nemeth naiona ina uzito, ila niwekee hali halisi. Wale walikuwa watu waliokusanywa kwa ajili ya utafiti, wanabishana kuhusu swali walilopewa, wakitoka kila mtu kwake. Hapa kuna mama mkwe na mkaza mwana ndani ya kikundi kimoja, kuna anayemdai mwenzake, kuna mwenye mtumbwi. Hapo kubishana juu ya wazo kunageuka kubishana juu ya mtu kabla chai haijapoa. Kofia inampa mkaza mwana kisingizio halali cha kutaja hatari mbele ya mama mkwe: si mimi nakupinga mama, ni zamu ya nyeusi, na wewe umeivaa.

MsomaMengi

Hiyo ni hoja ya heshima na uhusiano, si hoja ya wingi wa mawazo. Nakukubalia ya kwanza. Ya pili bado nadai ushahidi.

BangoKitita

Dai tu, ni haki yako. Utafiti wa kukuridhisha sina. Ninachosimamia ni nilichokiona kwenye vikao.

DadaWaTabora

Mimi naomba kuelewa hayo "mawazo ya ajabu". Kwenye kikundi chetu cha ufugaji nyuki ukiwaambia watu toeni wazo la ajabu, wanacheka, mmoja anasema tuwafundishe nyuki kusaini, kisha kimya. Linatokaje la ajabu lenye kazi?

BangoKitita

Dada, kicheko ni mwanzo mzuri, shida ni kuishia pale. De Bono ana mbinu ya uchokozi: unasema kwa makusudi sentensi ambayo si kweli, halafu huihukumu, unaitumia kama kituo cha kuondokea. Mfano wake maarufu ni wa kiwanda kinachochafua mto. Uchokozi ukawa: kiwanda kiko chini yake chenyewe, upande wa maji yanakoelekea. Haiwezekani, kitu hakiwezi kuwa chini yake chenyewe. Lakini ukiifuata unafika kwenye sheria inayowezekana: kiwanda kichote maji yake chini ya pale kinapomwaga uchafu. Hapo kitakuwa cha kwanza kunywa uchafu wake.

Unaipataje sentensi ya uchokozi? Chukua kitu ambacho wote mnakichukulia kuwa lazima, kiondoe au kigeuze. Kwa akina Katibu ningesema: dagaa wanakauka bila jua. Mvua inatuingizia fedha. Dagaa wa masika hawafiki ufukweni. Kisha kwa kila moja unauliza, ingekuwa kweli, tungeona nini saa kwa saa? Kuna nini ndani yake tunachoweza kuchukua? Ni katika hali ipi tayari iko hivyo?

Nyuki wa kusaini: sahihi ni ya nini? Ni alama kwamba asali hii imetoka mzinga huu. Hapo umefika kwenye kuuza asali kwa mzinga na kwa mti, mnunuzi anajua ni ya mninga au ya mtundu. Sijui kama itawafaa, hilo ni la njano na nyeusi, lakini tayari si kichekesho.

DadaWaTabora

Kumbe! Na sisi miombo tunayo ya kutosha. Hii naondoka nayo.

KatibuWaMwaloni

Jamani nimerudi. Tulikaa Jumapili, mwalimu wa shule ya jirani akashika bluu kwa sababu hana ndoo wala mtumbwi. Naeleza ilivyokuwa, maana mmenisaidia.

Swali tuliandika lile jipya. Nyeupe ilikwenda vizuri isipokuwa mtu mmoja alitaka kusema wenye mitumbwi wanatuonea, mwalimu akamwambia hiyo ni nyekundu, itunze. Kijani tukaanza kwa kimya. Yakatoka zaidi ya ishirini, na ni kweli mengi ya mwanzo yalikuwa ya turubai na mabati. Kisha mwalimu akaandika zile sentensi tatu za BangoKitita.

"Dagaa wanakauka bila jua" ilitoa moshi, kukaanga, na kuwachovya kwenye maji ya chumvi kwanza ili wapate muda. "Dagaa hawafiki ufukweni" ilileta kimya kirefu, halafu bibi yetu, yuleyule aliyekuwa nyeusi semina nzima, akasema: basi tusiwanunue. Tupatane na mwenye mtumbwi bei mbili za ndoo, ya asubuhi kavu na ya asubuhi ya mawingu. Hasara ya mvua igawanywe. Sikuwahi kumsikia akitoa wazo kikaoni.

"Mvua inatuingizia fedha" mwanzoni tulicheka. Mmoja akauliza, ni nani ambaye mvua tayari inamwingizia? Jibu likatoka palepale: mwenye dagaa wakavu ndani. Kwa hiyo kuweka akiba ya dagaa wa kiangazi, kuuza masika.

OmenaBusia

Sasa hapo ndipo sisi tulikwama. Mlichaguaje yapi yaende mbele? Sisi tulipeleka yote kwa nyeusi, tukachoka tukiwa na la saba.

KatibuWaMwaloni

Mwalimu alituambia tuyapange kwanza makundi matatu: yanayoweza kujaribiwa sasa, yenye mbegu ndani ila bado, na ya kuhifadhi kwenye daftari. Hakuna lililotupwa. Tukachukua manne tu kwenda mbele: kukaanga, moshi, bei mbili, na akiba ya kiangazi.

Njano ilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea. Mwalimu alikataa "ni zuri". Alikuwa anauliza zuri kwa nani, na kwa sababu gani. Kwenye kukaanga faida ikawa kwamba hata wa asubuhi ya mvua wanaokolewa siku hiyohiyo. Kwenye akiba ikawa tunauza wakati bei iko juu bila kugusa dagaa wabichi kabisa.

Nyeusi ndiyo nilikuwa naiogopa, ikawa nzuri kuliko zote. Kukaanga: mafuta bei juu, wanaokula wa kukaanga ni wachache, na mafuta yakikaa dagaa wanachacha ladha, hawakai kama wakavu. Moshi: kuni ni za kununua, na dagaa ni wadogo, wanadondoka kwenye waya wa kawaida. Akiba: unyevu wa masika wenyewe utaingia ghalani, wadudu, na fedha yetu italala miezi. Bei mbili: mwenye mtumbwi ana wanunuzi wengine, akiambiwa bei ya mawingu atapeleka kwa watu wa chakula cha kuku. Hilo la mwisho alilisema bibi mwenyewe, dhidi ya wazo lake. Nilishangaa.

KakaWaKona

Sasa nyeusi imeua yote manne. Mmebaki na nini?

KatibuWaMwaloni

Haikuua, iliyatoboa. Kijani cha pili kilikuwa cha kuziba matundu tu. Akiba: tuanze na magunia machache, kila mmoja aweke kidogo ili fedha ya mtu mmoja isilale yote, magunia yakae juu ya mbao yasiguse sakafu wala ukuta, na yafunguliwe na kuanikwa tena siku za jua. Bei mbili: tuanze na mtumbwi mmoja ambao mwenyewe ni kaka wa mwanachama, na badala ya kumpunguzia tu, tumuahidi kuchukua ndoo zake zote za asubuhi kavu. Kukaanga tumekuacha kwenye mbegu. Moshi hatukupata jibu la waya, kijana wa chanja ameomba akajaribu.

BangoKitita

Safi. Na nyekundu?

KatibuWaMwaloni

Hapo ndipo palipoleta maneno. Kila mtu alisema anavyojisikia bila kutoa sababu. Wengi waliipenda akiba. Wanne wakasema hawana amani nayo. Nyeusi ilikuwa imeshapita na hawakutaja kitu. Mwenyekiti akataka waeleze sababu, mwalimu akakataa, akasema nyekundu haidaiwi sababu. Mwenyekiti amekasirika mpaka leo. Anasema mtu hawezi kuzuia mpango kwa "sina amani".

MsomaMengi

Mwenyekiti ana hoja. Hisia bila sababu ni kura ya turufu kwa asiyetaka kufikiri.

BangoKitita

Nyekundu haizuii chochote, inaonyesha tu. Faida yake ni kwamba inapokuwa na mahali pake, watu hawalazimiki kuivalisha nguo za nyeusi. Upinzani mwingi unaousikia kwenye vikao vya kawaida ni "sina amani" iliyotafutiwa sababu za haraka, mnapoteza saa nzima mkijibu sababu ambazo hata mwenyewe hazimsumbui. Utaitambua hivi: umejibu sababu, anatoa nyingine, umeijibu, anatoa nyingine.

Lakini wanne katika kikundi kidogo ni wengi. Mimi nisingewadai sababu kikaoni. Ningewafuata mmoja mmoja baadaye, nikauliza kuhusu jambo moja: magunia yatakaa nyumba ya nani, na ufunguo atashika nani.

OmenaBusia

Hapo hapo! Huku kwetu akiba ya chama ilivunjika kwa ufunguo, si kwa wadudu.

KatibuWaMwaloni

Mh. Ghala ni nyumba ya mwenyekiti.

KakaWaKona

😂 Na hakuna aliyelisema kwenye nyeusi.

MsomaMengi

Basi hata kofia haikutosha kumwezesha mtu kutaja hatari mbele ya mkubwa. Nilikuwa nasubiri hilo.

BangoKitita

Hapo umenipata, ni kikomo cha kweli. Kofia inapunguza hofu ya kumpinga mwenzako kuhusu wazo. Haiondoi hofu ya kumtaja mwenye nyumba akiwa amekaa pale. Kwa hilo kuna njia moja ninayoijua inayosaidia kidogo: nyeusi nayo ianze kwa vikaratasi vya kimya, visivyo na majina, anasoma mwalimu. Katika kikundi kidogo watu bado hukisia mwandiko, kwa hiyo simwahidi mtu miujiza.

FundiMwandamizi

Niliyekaa pembeni naomba kuuliza. Ule waya wa moshi, kijana amejaribu wavu wa dirishani wa kuzuia mbu? Wa chuma lakini, wa plastiki utayeyuka. Matundu yake dagaa hapiti. Upakwe mafuta kwanza wasigande. Nina vipande vimebaki saiti, niko Buhongwa, aje achukue.

KatibuWaMwaloni

Kaka asante, namtuma kesho asubuhi. Ila wavu wenyewe umepakwa zinki au ni chuma kitupu? Bibi ameuliza hilo kabla sijamaliza kumsomea ujumbe wako.

FundiMwandamizi

Umepakwa. Mwambie bibi amenishika. Kwa chakula kwenye moto nisingeutumia huo, natafuta wa chuma cha pua, nikipata bei naiweka hapa.